Kiatu gani kwa fundi rangi anayeshinda kwenye ngazi? Juzi nusura nianguke

RangiMbili_Makorora

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi rangi hapa Tanga mjini, mwaka wa sita sasa. Nina kazi Raskazone, nyumba ya ghorofa moja, kuta zote za nje, na nikimaliza kuta mwenye nyumba anataka mabati yapakwe upya. Ngazi ninayotumia ni ya alumini, ile ya kuvuta, vipandio vyake vya mviringo.

Jumanne nilikuwa nashuka, ndoo ya rangi mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshika ngazi. Nimevaa raba za mtumba, safi tu, soli imenyooka kuanzia vidoleni mpaka nyuma. Nimefika kama kipandio cha tano kutoka chini, mguu wa kulia ukateleza kwenda mbele, ukaingia kwenye uwazi kati ya vipandio. Muundi ukagonga kipandio cha juu, nyuma ya mguu ikachubuka kwenye kile nilichokuwa nimekikanyaga. Nikabaki nimening'inia kwa mkono mmoja. Ndoo ilikwenda chini na rangi yote. Mungu saidia sikuvunjika kitu.

Jambo la pili ni uchovu. Ikifika alasiri, uvungu wa unyayo unawaka kama nimesimama juu ya ufito toka asubuhi. Nina sefti buti pia, nilizinunua mtumba Mgandini, lakini nzito na zinanichosha zaidi. Nivae nini?

Pongwe_Kwetu

Pole sana mkuu. Nunua buti mpya iliyoandikwa S3, mambo yamekwisha. S3 ina soli ya meno, haitelezi popote. Raba ni za kuchezea mpira.

KatambugaDaima

Hizo buti mnapoteza hela tu. Marehemu babu alipaka chokaa nyumba za Ngamiani miaka na miaka amevaa katambuga. Tairi la gari linashika barabara kwenye mvua, litashindwa na ngazi?

BintiChumbageni

Mimi pia fundi rangi (ndiyo, wanawake tupo). Kaka RangiMbili, mbona unashuka na ndoo mkononi? Mimi naitundika kwa ndoano ya esi kwenye kipandio, au naishusha kwa kamba kwanza. Ukishika ngazi kwa mkono mmoja, mguu ukikosea hauna wa kuusaidia.

Ila swali la uchovu na mimi nalisubiri. Visigino vyangu vinauma asubuhi nikitoka kitandani, hatua kama kumi za kwanza nachechemea, halafu panapoa.

RangiMbili_Makorora

Dada, hilo la ndoo nimelipokea, sibishi. Lakini mguu uliteleza kabla mkono haujahusika.

FundiViatu_Mgandini

Nashona viatu miaka ishirini na kidogo, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye jukwaa la wapaka rangi, kwa hiyo huu uzi umenigusa pande zote mbili.

RangiMbili, kabla hatujataja kiatu cha kununua, fanya vitu viwili leo usiku kisha urudi hapa. Kwanza, chukua raba, shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha ya vidole kwa mwingine, ukunje kama unafunga daftari. Tazama inakunjikia wapi. Fanya hivyo hivyo kwa buti. Pili, geuza vyote viwili, angalia pale kisigino kinapoanza ukitokea katikati ya kiatu. Pima kwa rula ya shule ile ngazi ndogo ina urefu gani, kisha pitisha kidole gumba uone kama kona yake ni kali au imelainika.

Pongwe_Kwetu, S3 umeipatia nusu. Inakuambia kiatu kina kinga ya vidole, kinga ya misumari, kinastahimili maji na soli ina meno. Haisemi chochote kuhusu ngazi. Hata jaribio la kuteleza kwa viatu vya kazi hufanyiwa kwenye vigae bapa vilivyomwagiwa maji ya sabuni, na kwa alama ya SR wanaongeza gliserini. Kipandio cha mviringo ni mnyama mwingine kabisa. Ngazi ina alama yake, herufi LG, imo kwenye toleo la mwaka 2022 la ISO 20345. Ukiziona kwenye lebo ndani ya ulimi wa kiatu, umepata kilichotengenezwa kikifikiria ngazi. Kwenye mtumba wa zamani hutazikuta, toleo hilo halikuwepo, kwa hiyo tunarudi kwenye rula na kidole gumba.

RangiMbili_Makorora

Mzee shikamoo. Nimefanya.

Raba inakunjika katikati kama chapati, popote unapotaka. Ngazi ndogo ya kisigino haipo kabisa, soli ni moja. Buti inakunjika pale vidole vinapoanzia tu, katikati imekaza. Kisigino chake ni milimita 14 upande wa nje, lakini kona imelainika, kidole kinapita bila kukwama. Nikageuza ya kushoto, vivyo hivyo.

FundiViatu_Mgandini

Marahaba. Basi umejijibu zaidi ya nusu.

Ukisimama kupaka, kipandio hakikai chini ya vidole. Kinakaa kwenye kiuno cha kiatu, pale penye uvungu, mbele tu ya kisigino. Mguu ukitaka kwenda mbele, ukuta wa kisigino unagonga kipandio na kusimama. Huo ukuta ndio breki yako. Raba yako haina breki, ndiyo maana mguu ulipita moja kwa moja. Vumbi la skimu likiwa chini ya soli, au tone la rangi ya maji juu ya kipandio, hakuna cha kuuzuia. Chini ya milimita 10 mimi sikihesabu kuwa kisigino cha ngazi, na hata ukiwa na 14, kona ikiwa duara mguu unapanda juu yake na kupita. Kona inalainishwa na kipandio chenyewe, kila ukishuka inasugua hapo hapo.

Lakini elewa mpaka wake: kisigino kinazuia mguu kwenda mbele tu. Ukikanyaga kwa ncha ya vidole na mguu ukarudi nyuma, hakuna kisigino duniani kitakachokusaidia. Hapo unategemea meno ya kiunoni na namna unavyokanyaga. Buti nyingi kiunoni ni laini kama sahani, meno yako mbele na nyuma tu. Kiatu cha ngazi kina mistari ya kukata hata pale kati.

Sasa uchovu. Kipandio kina upana wa kama sentimita tatu, na uzito wako wote umekaa juu ya ukanda huo. Kiatu kinachokunjika katikati kinajikunja juu ya kipandio, na unyayo unajikunja nacho. Misuli ya uvungu inashinda kutwa nzima ikijaribu kuunyoosha mguu. Kiatu cha ngazi huwa na chuma cha kiuno, kipande chembamba kilichofichwa kati ya soli ya ndani na ya nje. Kinaubeba uzito kutoka kisigino mpaka mbele, unyayo unakuwa kama umesimama juu ya ubao. Buti yako inacho, ndiyo maana haikunjiki.

KatambugaDaima

Na katambuga hamjaijibu.

FundiViatu_Mgandini

Nitaijibu, mimi mwenyewe nazitengeneza. Tairi linashika lami kwa sababu lami ina ukwaruzo. Juu ya alumini iliyolowa, tairi lililokwisha meno linateleza kama sabuni. Isitoshe mguu haujafungwa. Soli inaweza kubaki kwenye kipandio na mguu ukatoka kwenye mkanda. Babu yako, Mungu amrehemu, nina hakika ngazi yake ilikuwa ya mbao au ya mikoko, na vipandio vilifungwa kwa kamba. Mbao ile inashika hata mguu mtupu.

KatambugaDaima

Ilikuwa ya mikoko kweli. Haya, nimekaa kimya kwa sasa.

MsafiriWaPangani

Wakuu samahani, mimi natafuta ngazi ya futi 20 ya kununua, wapi bei nzuri? Nimeona mnazungumzia ngazi.

BintiChumbageni

Kaka wa Pangani, hapa tunazungumzia viatu. Fungua uzi wako, tutakuja.

Mzee wa Mgandini, mbona RangiMbili anasema buti yenye hicho chuma ndiyo inamchosha zaidi? Na mimi nilijaribu kuweka soli ya sponji ndani ya raba, nilidhani itasaidia. Siku ya kwanza raha, wiki ya pili maumivu yale yale.

FundiViatu_Mgandini

Mwanangu, sponji inalainisha lakini haizuii kukunjika. Kipandio kinaibonyeza mpaka kinafika kwenye mguu kana kwamba haipo. Ugumu unatakiwa chini, ulaini juu yake. Ukigeuza mpangilio hupati kitu.

Hayo maumivu ya asubuhi, hatua kumi za kwanza kisha yanapoa, ni ya ule utepe wa nyama unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Umevutwa kupita kiasi. Viatu vitapunguza, lakini kama una miezi miwili mitatu nenda kamwone daktari, usisikilize fundi viatu peke yake.

RangiMbili, hiyo buti ni saizi yako kweli? Ukifunga kamba na kusimama kwenye ngazi, vidole vinagusa chuma cha mbele?

RangiMbili_Makorora

Navaa 42, buti ni 43. Ndiyo iliyokuwepo. Nikishuka vidole vinagonga mbele, kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi. Nilidhani ni kawaida ya sefti buti.

FundiViatu_Mgandini

Si kawaida. Kisigino cha kiatu kinashika kipandio, lakini mguu wako unasafiri ndani ya kiatu. Kila hatua ya kushuka unakaza vidole ili kiatu kisivuke, kutwa nzima. Huo ndio uchovu wako wa buti, uzito unakuja baadaye. Vaa soksi nene ya pamba, kisha funga kamba hivi: vidoleni legeza, kwenye kiwiko cha mguu kaza sana, upige fundo moja pale mguu unapopinda kabla ya kupanda juu. Nyuma ya mguu ikae imebanwa. Ukienda kununua nyingine, nenda jioni. Miguu ya asubuhi na ya jioni kwenye joto letu hili si saizi moja.

JiniLaMgandini

Ngoja nitie neno kabla hajaenda kutengeneza hiyo buti. Mzee, yangu ilikuwa ya mtumba, imekaza vizuri, kisigino kikali, kama mpya kabisa. Nimeivaa siku nne. Siku ya tano niko kwenye kenchi, soli ya kulia ikameguka vipande vipande kama mkate mkavu. Si kwamba gundi ilibanduka, soli yenyewe ilivunjika. Muuzaji akasema nimeichezea.

FundiViatu_Mgandini

Hujaichezea, na ahsante kwa kulikumbusha. Hiyo ni soli ya povu, ile nyepesi, mara nyingi imechapwa PU chini yake. Hewa yenye unyevu inaila kidogo kidogo kutoka ndani, hata kama kiatu kimekaa stoo bila kuvaliwa. Kwa kweli kikikaa stoo ndiyo mbaya zaidi. Buti imeshakaa miaka huko ilikotoka, ikaja kwenye kontena, ikafika Tanga kwenye unyevu wa bahari. Kwa macho ni mpya, ndani imekwisha. Soli ya mpira halisi haipatwi na ugonjwa huo, ingawa nayo hukauka na kupasuka.

Kabla hujatoa hela, zamisha ukucha kwenye ukingo wa soli karibu na kisigino. Mpira na povu zima vinarudi. Povu bovu linabaki na alama, linanata, au linatoa unga. Kunja kiatu mara tano kwa nguvu palepale mbele ya muuzaji, usikilize. Mlio wa kukatika na nyufa ndogondogo zikionekana, rudisha mezani. Ukikuta imekatwa mahali, chungulia: vishimo vidogo kama vya mandazi ni povu, nyama moja iliyoshikana ni mpira.

RangiMbili, yako ikoje?

RangiMbili_Makorora

Nzito, nyeusi tii, ukucha unarudi. Pale ilipochubuka ni nyama moja.

FundiViatu_Mgandini

Ni mpira. Lete kijiweni nitakukatia ukuta wa kisigino upya. Nikikata milimita mbili kwenda nyuma, kona inarudi kali na urefu haupungui. Sitabandika kipande cha kuongeza urefu. Kuna mafundi wanabandika na kupiga misumari, vichwa vya misumari vikibaki nje umesimama chuma juu ya chuma.

Pongwe_Kwetu

Na akimaliza kuta akapanda kwenye bati na kisigino hicho kikali? Mimi nimeezeka miaka kumi, nawaambia atakwaruza bati la rangi lote, na meno ya buti yanabeba kokoto. Kokoto moja chini ya soli juu ya bati la msauzi ni kama gololi.

FundiViatu_Mgandini

Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Bati linataka kinyume cha ngazi: soli ya mpira laini, bapa, safi, igusane na bati sehemu kubwa iwezekanavyo, na iweze kukunjika ifuate mteremko. Buti ngumu inagusa kwa kingo tu.

RangiMbili_Makorora

Sasa nifanyeje, nipande na buti nibadilishie wapi?

Pongwe_Kwetu

Mimi napanda na raba laini moja kwa moja, ngazini napita dakika moja tu. Kazi yangu iko juu, si kwenye kipandio.

BintiChumbageni

Mimi nisingethubutu. Ajali ya RangiMbili ilitokea kwenye hiyo hiyo "dakika moja" ya kushuka. Na kubadilisha viatu ukiwa kwenye ukingo wa paa ni hatari kuliko yote mawili. Kama kuna baraza ya ghorofani, panda na buti, badilishia kwenye baraza. Kama hakuna, natafuta kiatu cha kati: mpira laini, meno mafupi, lakini kisigino kipo. Ninacho kimoja, si kizuri kokote, ila si kibaya kokote.

FundiViatu_Mgandini

Hilo sitaamua mimi. Nimeona mafundi wazuri wa pande zote mbili. Ninachojua ni kwamba kuna bati ambalo kiatu hakina kazi. Bati la zamani la rangi, lipanguse kwa kiganja. Kiganja kikitoka na unga wa rangi, umesimama juu ya unga, uoshe kwanza ukae mpaka likauke. Umande wa asubuhi vivyo hivyo. Na bati lenye ukungu wa kijani chini ya mwembe, hata mjusi anafikiria mara mbili. Hapo ni kamba na ngazi ya paa, si kiatu.

Na utembee kwenye mstari wa misumari, chini kuna papi.

JiniLaMgandini

Mnaonaje kufunga ubao juu ya vipandio viwili ili usimame pana? Kuna fundi Muheza anafanya, anasema miguu haimuumi.

Pongwe_Kwetu

Nimewahi kuona ubao huo ukizunguka na mtu juu yake. Bora kiunzi au madumu mawili na mbao nene kama ukuta ni mfupi.

JiniLaMgandini

Yake imefungwa kwa boliti lakini.

BintiChumbageni

Boliti kwenye ngazi ya alumini maana yake umeitoboa. Mimi hapana. Nashuka kila nusu saa, nasogeza ngazi badala ya kujivuta pembeni, natembea chini dakika mbili tatu. Tangu nianze hivyo jioni sina hali mbaya kama mwanzo.

RangiMbili_Makorora

Mrejesho, wakuu. Imepita siku tisa.

Mzee alikata kisigino kwa shilingi elfu sita, na kiunoni akachora mistari mitano ya kukata kwa kisu cha moto. Nimefunga kamba alivyosema. Siku ya kwanza nilihisi kiatu kimenibana, nikataka kulegeza, nikavumilia. Kucha haigongi tena. Uvungu wa mguu hauwaki, ila sasa nyuma ya goti ndiyo inachoka, labda kwa sababu nasimama wima zaidi. Sijui.

Jambo moja nimeligundua mwenyewe. Ijumaa nilishuka nikahisi kisigino hakigongi. Kugeuza soli, mistari yote mitano imejaa rangi ya maji iliyokauka, na kwenye kona ya kisigino kuna donge. Nimekwangua kwa msumari dakika kumi. Sasa natembea na kitambaa kibichi kiunoni, nafuta soli na kipandio kabla rangi haijakauka.

Kuta zimebaki upande mmoja. Bati naanza wiki ijayo, na nyumba haina baraza ghorofani.

Pongwe_Kwetu

Nijulishe siku, nije na kamba.